Ubia wa Jicho na Mdomo

Mafundi rangi ndio waliowapa majina hayo, na fundi rangi akishakupa jina, hata mama yako mzazi atalizoea. Mmoja walimwita Jicho, kwa sababu ungemletea kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, kisichozidi ukucha, naye angekipeleka mlangoni penye mwanga, akakigeuzageuza bila kusema neno, kisha akarudi ndani na kuchanganya rangi ambayo ukiipaka pale, hujui tena palipobanduka ni wapi. Mwingine walimwita Mdomo, na hilo halihitaji maelezo.

Walifahamiana tangu walipokuwa wakigombania dawati moja darasani. Walisuka nywele pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na mume wa Jicho alipofariki ni Mdomo aliyesimama mlangoni kupokea wageni, kwa kuwa mfiwa mwenyewe alikuwa hawezi kutamka hata "karibuni." Walipofungua duka la rangi hawakukaa chini kugawana kazi. Jicho alichanganya, Mdomo akazungumza. Mwenye nyumba akija kudai kodi, Mdomo. Mteja akija juu kwamba rangi yake imepasuka, Mdomo. Simu ikilia, Jicho alikuwa akiisogeza kwa mwenzake kwa ncha ya kidole, mtu angedhani ina moto.

Juu ya mlango, kwenye ukuta wa rangi ya krimu, Jicho aliandika kwa mkono wake mwenyewe: JICHO NA MDOMO, RANGI ZA KILA AINA. Alikataa kuandika kwenye bati. Alisema bati linang'olewa.

Wakaenda hivyo miaka mingi, na walipata chakula, na walicheka sana. Kisha akaja mkandarasi.

Mkandarasi huyo alikuwa anajenga hosteli ya wanafunzi, ghorofa juu ya ghorofa, na alitaka rangi yote itoke duka moja, alipwe yeye kwanza ndipo naye alipe. Mdomo alirudi kutoka kwenye mazungumzo hayo macho yanang'aa. Msambazaji angewapa mzigo kwa mkopo, wao wangempa mkandarasi kwa mkopo, na mwisho wa yote wangekuwa watu wengine kabisa.

"Asipolipa?" Jicho aliuliza.

"Wewe nawe. Mtu anajenga ghorofa, atashindwa na rangi?"

Jicho hakubishana. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na akinyamaza ujue hajakubali. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho Mdomo hakuwa nacho: nyumba. Marehemu aliijenga kwa mshahara wa mtu wa stoo, chumba baada ya chumba, na alipokufa palikuwa pamebaki sakafu ya barazani. Ndani yake aliishi Jicho na mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi mkali na magoti mabovu, aliyejua kila ufa wa nyumba ile kwa sababu alisimama juani mwanawe alipokuwa akiijenga. Mdomo yeye alipanga. Alikuwa na kabati, televisheni, na moyo mkubwa.

Waliivuta habari hiyo wiki nyingi. Hawakugombana kwa sauti, na hilo ndilo lililoumiza, maana watu wawili waliozoea kutukanana kwa mapenzi walianza kusema "tafadhali" na "samahani" dukani. Siku moja Jicho, akiwa ameinamia ndoo, mwiko mkononi, alisema bila kuinua uso kwamba yeye afadhali atoke. Mdomo alikaa juu ya kopo la rangi, akajifuta macho kwa kitambaa chenye tapentaini, na macho yakamwasha mpaka wakajikuta wanacheka. Walicheka kweli. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Wakili waliyemwendea alikuwa na chumba kidogo juu ya duka la dawa, feni moja, na subira nyingi. Aliwasikiliza, kisha akawauliza kama duka lao limesajiliwa kuwa kampuni. Wakasema hapana, ni wao wawili tu.

"Basi nisikilizeni vizuri," wakili alisema. "Kampuni yenye ukomo wa dhima hudaiwa yenyewe, si wenye kampuni. Ubia si hivyo. Duka lenu ni ninyi. Likidaiwa, mnadaiwa ninyi, na vikiisha vya dukani vinafuata vya nyumbani."

"Nusu kwa nusu?" Jicho aliuliza.

"Nusu kwa nusu ni hesabu yenu ninyi. Anayewadai haimhusu. Anaweza kumshika mmoja amlipe lote, kisha huyo aliyelipa ndiye amtafute mwenzake."

Ndiyo sababu hasa iliyomleta Jicho pale, lakini hakuwahi kuisikia ikisemwa waziwazi namna ile, na mtu anayekunywa chai.

Hati ya kuvunja ubia iliandikwa. Mdomo anachukua duka, bidhaa zote na madeni yote. Jicho anatoka na fedha kidogo za sehemu yake. Na likija deni lolote la duka likamgusa Jicho, Mdomo atamrudishia kila alicholipa. Walipokwisha kutia sahihi, wakili aliiweka hati ile chini ya kiganja chake kabla ya kuwapa.

"Karatasi hii inawafunga ninyi wawili peke yenu. Msambazaji hakutia sahihi hapa. Deni mlilonalo kwake leo anawadai wote, mpaka lilipwe, au yeye mwenyewe akubali kumwachilia huyu dada. Na madeni ya kesho, ili yasimfuate, lazima watu wajue ametoka. Tangazo la gazetini na la kwa msajili nitalishughulikia mimi. Lakini tangazo ni la watu wasiowajua. Mtu aliyezoea kufanya biashara nanyi anatakiwa apewe taarifa yeye mwenyewe. Asipoambiwa, ana haki ya kuamini mko wote kama zamani. Na yale maandishi ya ukutani yafutwe."

"Nani atawaambia?" aliuliza wakili. "Mnataka niwaandikie mimi?"

Wote wawili walimwangalia kama mtu aliyeuliza nani atapika kwenye nyumba yenye mpishi.

"Mimi," alisema Mdomo. "Kusema ni kazi yangu. Hawa ni watu wangu, nitawaambia mmoja mmoja kwa mdomo wangu, kisha tuwape na maandishi."

Na Jicho akaona sawa. Hilo ndilo kosa lake lote, na mtu mwingine asingelifanya. Mwanamke aliyeogopa kupoteza nyumba yake, aliyepanda ngazi mpaka kwa wakili kwa ajili ya nyumba yake, alipofika kwenye jambo la mwisho, jambo la kufungua kinywa na kusema "nimetoka," alilisogeza kwa mwenzake kwa ncha ya kidole.

Maandishi ya ukutani nayo hayakufutwa. Mdomo alisema hawezi kuingia dukani chini ya jina moja, ampe muda. Jicho akampa. Kwa kweli hata yeye akipita barabara ile alikuwa akiinua macho kuyatazama, na yalimfariji.

Alianza kwenda kwenye nyumba za watu kuchanganya rangi kwa ujira. Ilimtosha, lakini hakukuwa na wa kucheka naye. Mdomo kwa upande wake alilipa deni la zamani la msambazaji mpaka likaisha, na akampigia Jicho simu kumwambia. "Lile limekwisha, shoga yangu. Lala usingizi." Jicho alilala. Tuseme ukweli wa mtu: Mdomo hakuwa mwizi.

Kisha ikaja ile siku.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mdomo alipiga simu. "Kuna fundi kaniletea kipande cha ukuta hapa, kijani gani sijui, nimechanganya mpaka nimekoma. Njoo basi unitoe aibu."

Jicho alivaa viatu akiwa tayari yuko njiani. Dukani alikuta koti lake la kazi bado linaning'inia kwenye msumari wake, halijafuliwa, na harufu ya duka ikamjaa kifuani. Alikichukua kile kipande, akakipeleka mlangoni. Kijani kilichopigwa na jua, chenye njano ya mbali na tone la nyeusi kwa ajili ya vumbi. Alianza kukoroga. Mdomo alisimama karibu akimwaga maneno, habari za mwenye nyumba, habari za fundi aliyepaka chumba akajifungia ndani mwenyewe, na Jicho alikuwa anacheka mpaka rangi inamrukia mikononi.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Oda. Alikuwa afisa mauzo wa msambazaji, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, na walimwita jina hilo kwa sababu salamu yake ilikuwa "Oda?" Aliwatazama wote wawili akatabasamu.

"Siku hizi nikipita sikuoni, Jicho. Nikajua umetukimbia."

Jicho alifungua kinywa, na kwa mazoea ya miaka yote akamgeukia Mdomo.

"Akimbilie wapi?" Mdomo alisema. "Tupo kama unavyotuona."

Jicho aliyasikia maneno hayo, na moyo wake haukushtuka. Ulipata joto. Aliinamia ndoo yake tena, akakoroga, na huku nyuma Mdomo na Bwana Oda walikuwa wakipiga hesabu za mzigo wa hosteli mezani. Kama angelikuwa amesikiliza, angelisikia deni la ukubwa wa nyumba likiandikwa. Hakusikiliza. Aliona rangi inakuja, inakuja, imefika, na alimwita Mdomo aje aone. Kijana wa watu alipoondoka walikunywa chai kwenye vikombe vyao vya zamani, kila mmoja na chake. Jicho alirudi nyumbani na kijani mpaka viwikoni, na mama mkwe akamuuliza kama amepigana na mti.

"Nimetoka dukani, Mama."

"Duka uliloliacha?"

"Nilienda kumsaidia tu."

"Hm," alisema bibi, na kurudi kuchambua mchele. Jicho hakunawa upesi jioni ile. Aliipenda rangi ile mikononi mwake.

Hosteli ilipakwa ghorofa zote. Wanafunzi hawakuhamia. Mkandarasi alikuwa akidaiwa na watu wa saruji, wa nondo, wa mabomba, na siku moja eneo la ujenzi likakutwa limefungwa kwa mnyororo, simu yake haipatikani, na ofisi yake imekuwa duka la viatu. Rangi iliyokwisha kupakwa huwezi kuirudisha koponi. Mdomo aliuza kabati, akauza televisheni, akauza na hereni za mama yake, na vyote hivyo havikupunguza kitu cha kuonekana.

Hakumwambia Jicho. Jicho alijua siku meneja wa msambazaji alipopiga hodi kwake akiwa na Bwana Oda. Meneja alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Mama mkwe aliwakaribisha viti, akamtania Bwana Oda kwamba suruali yake itachafuka, kisha akatulia alipoona hawacheki. Meneja alieleza kila kitu taratibu. Alisema wamesharudisha makopo yaliyobaki dukani na kuyapunguza kwenye deni. Alipokuwa akisema, macho yake yalipanda ukutani, darini, yakashuka sakafuni. Hakufanya kwa ubaya. Ndiyo kazi yake.

"Mimi nilitoka," Jicho alisema. "Kabla ya mzigo huo. Tuna hati."

Meneja alimgeukia Bwana Oda. Bwana Oda alikuwa ameinamisha kichwa.

"Jicho, hatukuambiwa," alisema. "Na mimi nilikukuta dukani."

Walikutana wote kwa wakili, feni ile ile ikizunguka. Mdomo alikuwa amekonda. Alikaa kiti cha mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Jicho amjue, aliingia mahali bila kusalimia kwa sauti. Wakili aliuliza swali moja tu: msambazaji alipewa taarifa kwamba mbia mmoja ametoka, kabla ya kutoa mzigo ule?

"Tangazo lilitoka gazetini," Jicho alisema.

"Lilitoka. Lakini hawa wamefanya kazi nanyi miaka yote. Wao walitakiwa waambiwe. Kama waliambiwa, mzigo huu si wako, ni wa mwenzako peke yake. Kama hawakuambiwa, mnadaiwa wote, na wanaweza kukudai wewe lote. Ukilipa, hati inakupa haki ya kumdai mwenzako akurudishie."

Hakuna aliyehitaji kuuliza mwenzake atarudisha kwa kitu gani.

Ndipo Mdomo akasema. "Niliwaambia."

Wote walimgeukia.

"Nilimwambia huyu kijana," alisema, akimtazama wakili, si kijana. "Siku ile ile ya oda. Nilimwambia Jicho ametoka, kaja kunisaidia tu. Yeye ndiye alichukua oda ya watu akakaa kimya."

Bwana Oda alisimama nusu, akakaa tena. Meneja alivua miwani akamtazama kijana wake, na kila mtu alielewa kwamba kama ni kweli, kijana yule hana kazi kesho. Alikuwa ametoa mkopo wa mzigo mzima kwa mtu asiye na kitu, huku akijua.

"Si kweli," Bwana Oda alisema kwa sauti ndogo. "Uliniambia mpo."

Wakili aligonga meza kwa kalamu. "Mliokuwa pale ni watatu. Dada," alimwambia Jicho, "wewe unasemaje?"

Jicho aliomba kutoka kidogo. Alitoka kwenye kijia cha ngazi kinachonuka dawa za chini, na Mdomo akamfuata, kama alivyojua atafuata.

"Sema ndiyo," Mdomo alimwambia haraka, akimshika mkono. "Neno moja tu. Nyumba yako inapona. Deni nibaki nalo mimi, wanifunge, waniuze, nimekubali. Kijana atapata kazi nyingine. Nilikuingiza, niache nikutoe."

Jicho aliutazama mkono ule. Kucha zilikuwa safi. Siku hizi hakukuwa na rangi.

"Kwa nini hukuwaambia?"

Mdomo alijifuta pua. "Nilianza na mwenye nyumba. Nilisema 'Jicho ame...' nikalia mbele ya mwanamume yule mpaka akanisamehe kodi ya mwezi. Sikuweza tena. Nikasema kesho, kesho. Kisha..."

"Kisha nini?"

"Kisha hosteli ikaja kweli. Na nikajua wakijua umetoka hawanipi kitu. Wewe ndiye mwenye nyumba, Jicho. Mimi walinipa kwa sababu yako."

Chini mtu alikuwa anaulizia dawa ya kikohozi cha mtoto. Jicho alisubiri mpaka amalize. Alikuwa na swali moja, na halikuhusu deni. Tangu siku meneja alipofika alikuwa akilala nalo na kuamka nalo.

"Siku ile uliponipigia simu, ya kijani. Kulikuwa na fundi?"

Mdomo alitazama ngazi.

"Kile kipande kilitoka wapi?"

"Nilikibandua kwenye ukuta wa choo cha nyuma," alisema Mdomo. "Bwana Oda alikuwa ameniambia atakuja mchana. Nilikuita ili akuone."

Jicho alishika chuma cha ngazi. Haikuwa hasira. Angeipata hasira, angeishukuru. Ilikuwa ni ile siku yenyewe, cheko lake, vikombe viwili, kijani alichokataa kukinawa, vyote vikimtoka kimoja kimoja akivitazama. Alikuwa ameishi kwa siku ile miezi yote. Asubuhi za kuchanganya rangi peke yake kwenye nyumba za watu alikuwa akijiambia: aliniita, maana yake ananikumbuka.

"Lakini ulipofika nilisahau," Mdomo alisema, machozi yakimshuka. "Wallahi nilisahau. Nilifurahi. Nilisahau kwa nini nimekuita."

Jicho alimwamini. Hilo nalo lilimuuma.

"Twende ndani," Mdomo alimwambia. "Wewe nyamaza tu, nitasema mimi. Utatikisa kichwa."

"Hapana," alisema Jicho. "Safari hii nitajisemea mwenyewe."

Aliingia, hakukaa. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikakwama, ikatoka tena. Alisema alikuwa dukani siku ile, amevaa koti la kazi, anachanganya rangi. Alisema Bwana Oda alimuuliza kama amekimbia, naye hakujibu. Aliyejibu alisema tupo. Yeye alisikia, na hakukanusha, kwa sababu alipenda kusikia hivyo. Kijana hakuambiwa kitu.

Bwana Oda alilia waziwazi, mtu mzima na suruali yake ya pasi. Wakili alifunga kalamu. Mdomo alikuwa amesimama mlangoni.

Meneja hakuwa mtu wa kufurahia jambo kama lile. Aliwapa muda, akapunguza alichoweza kupunguza, na akakubali kuandika kwamba nyumba ikiuzwa na fedha zikifika, Jicho ameachiliwa na msambazaji kabisa, hatadaiwa tena kwa jina la duka lile. Safari hii msambazaji mwenyewe alitia sahihi. Wakili alimuuliza Jicho kama amfungulie Mdomo kesi, kwani haki ya kudai kurudishiwa alikuwa nayo.

"Iwepo," Jicho alisema. "Lakini usiitumie."

Mama mkwe alipoambiwa, alianza kupangusa mguu wa kiti kwa ncha ya kanga.

"Huko kwa kupanga kuna mlango?" aliuliza mwishowe.

"Upo, Mama."

"Basi tutaingia. Magoti yangu hayajui nyumba ni ya nani." Akaendelea kupangusa mguu ule ule wa kiti, uliokwisha kuwa safi, na Jicho alipomwinamia aliona uso wote umelowa. "Mwanangu hakumaliza baraza," alisema bibi. "Nilikuwa namgombeza kila siku amalize." Jicho alipiga magoti chini, akamkumbatia miguu, na wote wawili walilia pale barazani kwenye sakafu isiyokwisha.

Duka lilipata mpangaji mpya, muuza simu, na mwenye nyumba alitaka ukuta wake usafishwe. Mdomo alikuwa ameajiriwa kuuza mahali fulani, na inasemekana siku hizi hasemi sana. Jicho alikwenda mwenyewe na ngazi ya kuazima. Alibandua ukutani kipande kidogo cha krimu, akakipeleka penye mwanga. Krimu ya kopo isingefaa, ingeacha mraba mweupe juu ya mlango na kila mtu angejua palikuwa na kitu. Alitia kahawia kidogo, tone la nyeusi, akakoroga, akajaribu kwenye ubao, akasubiri ikauke, akarekebisha. Kisha akapanda.

Alianza na jina lake. Alipofika kwenye la Mdomo alisimamisha brashi, akashika ukuta kwa mkono wa kushoto, na alikaa hivyo juu ya ngazi akilia bila sauti, watu wakipita chini. Halafu akamaliza herufi zilizobaki.

Fundi rangi mmoja wa siku nyingi alisimama na baiskeli yake chini ya ngazi. Aliinua kichwa, akatafuta ukutani yale maandishi aliyoyapita miaka yote, hakuona yalipokuwa.

"Jicho," alisema. "Vipi, mwenzio yuko wapi?"

Jicho aligeuka kwa mazoea, kumtazama mtu wa kumjibia. Nyuma yake palikuwa na barabara tu. Akashuka ngazi moja.

"Mimi na yeye tumeachana," alisema. "Ubia umevunjika. Waambie na wenzako."